Ulinganisho: swali lipi la kumuuliza msaili mwishoni? Nafasi imetokeaje, miezi mitatu ya kwanza, au "mna shaka gani nami"?

Mwenye_Daftari

Wanajukwaa, salaam. Jumatano ijayo nina usaili wa nafasi ya mhasibu msaidizi katika kampuni inayosambaza vifaa vya ujenzi. Nimearifiwa kwamba utachukua dakika 45, na kwamba watakaonisaili ni wawili: mkuu wa kitengo cha uhasibu, ambaye ndiye atakayekuwa msimamizi wangu, na afisa rasilimali watu. Nimewahi kusailiwa mara mbili, na mara zote nilipoulizwa kama nina swali nilijibu kwamba sina, nikatoka bila kujua hata ningefanya kazi na watu wangapi.

Safari hii nimeandaa maswali matatu, lakini nadhani muda utatosha mawili tu. La kwanza ni "Nafasi hii imetokeaje?" La pili ni "Baada ya miezi mitatu, mngependa kuona mtu mtakayemwajiri amekamilisha nini?" La tatu ni "Je, kuna jambo katika maelezo yangu ambalo limewaachia shaka?" Naomba mnisaidie kuyalinganisha: lipi lina manufaa zaidi, na lipi linaweza kuniharibia?

Kibwebwe

Chukua la tatu bila kusita. Mimi niliwahi kuliuliza, na msaili akaniambia wazi kwamba hakuona ushahidi kuwa nimewahi kuandaa ritani za kodi. Nilikuwa nimeziandaa kwa miaka miwili, ila sikulitaja jambo hilo kwa sababu hakuna aliyeniuliza. Nilieleza kwa dakika moja, na wiki iliyofuata nikaitwa kazini. Nisingeuliza, shaka ile ingebaki kwenye karatasi yake nami nisingejua kilichoniangusha. Maswali yako mawili ya mwanzo ni mazuri, lakini hayakuokoi.

Bi_Msitari

Ndugu Kibwebwe ana hoja, ila ni nusu ya hoja. Nimekaa upande wa wasaili kwa miaka kadhaa, na swali hilo la tatu limeulizwa mbele yangu mara nyingi. Hufanya kazi pale msaili anapokuwa mmoja, ana mamlaka ya kuamua, na shaka yake ni ya jambo linaloweza kujibiwa kwa maelezo mafupi, kama ile ya ritani. Katika jopo mambo huwa tofauti. Kila mmoja wetu huwa ana karatasi yake ya alama, hatujazilinganisha bado, na mara nyingi tumeagizwa tusimpe msailiwa maoni yoyote siku hiyohiyo. Kwa hiyo ukiuliza, tunatazamana, kisha mmoja anasema, "Hapana, umejieleza vizuri." Umetumia swali moja kati ya mawili, na ulichopata ni adabu.

Lipo na jambo jingine ambalo watu hawalifikirii. Swali hilo humlazimisha msaili kutafuta kasoro kichwani mwake wakati huohuo, na nimewahi kumwona mwenzangu akiandika kasoro ambayo kabla ya hapo hakuwa ameiandika.

Kati ya mawili yaliyobaki, mimi ningeanza na la miezi mitatu, na sababu yangu ni ya kiufundi kidogo. Tangazo la kazi mara nyingi huandikwa kwa kunakili tangazo la zamani, kwa hiyo majukumu kumi na mawili yaliyoorodheshwa hayakuambii lipi ndilo lililowafanya watafute mtu sasa hivi. Ukiuliza kitakachokuwa kimekamilika baada ya miezi mitatu, msimamizi huacha orodha na kutaja kinachomnyima usingizi. Hapo ndipo utakapoijua kazi yenyewe. Na kwa kuwa wasaili wako ni wawili, usimtazame mmoja tu. Liache swali wazi ili wote wajibu, kisha sikiliza kama majibu yao yanafanana.

Jua_la_Asubuhi

Mimi naona mnazunguka mbuyu. Swali la kuuliza ni mshahara ni kiasi gani na unalipwa tarehe ngapi, kwa maana ukishajua hilo, hayo mengine utayajua ukiwa ndani. Mimi nilikaa miezi minne mahali nikilipwa tarehe tofauti kila mwezi.

Bi_Msitari

Pole kwa yaliyokupata. Mshahara ni haki kuuliza, na kama usaili ni wa mwisho, au wao wenyewe wameligusa jambo hilo, liulizwe bila aibu. Lakini mwenye mada anauliza kuhusu zile dakika tano ambazo msimamizi wake mtarajiwa yupo mbele yake. Kiasi cha mshahara anaweza kuambiwa baadaye na afisa rasilimali watu hata kwa simu, ilhali yaliyomo ndani ya kitengo hatayapata kwa mtu mwingine yeyote isipokuwa huyo msimamizi.

Ukingoni

Mimi ningeuliza jambo ambalo halimo katika orodha yako, nalo ni mazingira ya kazi: "Mazingira ya kazi hapa yakoje?" Niliuliza hivyo katika usaili wangu wa mwisho, nikaambiwa kwamba wao ni kama familia. Nilifurahi. Nilipoanza kazi nilikuta watu wawili wa kitengo kimoja hawasalimiani tangu mwaka uliotangulia.

Bi_Msitari

Jibu ulilopata limetokana na namna ulivyouliza, Ndugu Ukingoni. Ukimwuliza mtu nyumbani kwake kukoje, atakuambia kwema. Uliza tukio lililokwisha kutokea, tena la karibuni, kwa mfano: "Mara ya mwisho hesabu za mwezi zilipochelewa, mlifanyaje?" Anayesimamia kitengo kwa utaratibu atakueleza kisa kizima: nani aligundua, nani aliitwa, kilibadilishwa nini. Atakayekujibu kwamba hesabu zao hazijawahi kuchelewa, ama hakai na wahasibu wake, ama anakuficha. Na atakayeanza kumtaja mtu kwa lawama mbele ya mgeni amekuonyesha namna atakavyokutaja wewe.

Ndimi_Mbili

Nina angalizo kuhusu swali la kwanza. "Nafasi hii imetokeaje?" linasikika kama la mpelelezi. Aliyeondoka huenda aliachishwa kazi, na msaili haruhusiwi kumzungumzia, hivyo utamweka pabaya pasipo sababu. Ni afadhali useme, "Nafasi hii ni mpya, au yupo aliyekuwa akiifanya?" Atachagua kati ya mambo mawili na hatalazimika kusimulia. Hata hivyo, mimi binafsi nisingeliuliza kabisa mbele ya afisa rasilimali watu.

Bi_Msitari

Katika maneno ya swali nakubaliana nawe. Katika kuliacha kabisa sikubaliani, kwa sababu mtu wa tatu ndani ya miaka miwili akiwa anatafutwa kwa kiti kilekile, hilo ni jambo ambalo msailiwa anapaswa kulijua kabla ya kuacha kazi aliyonayo.

Mwenye_Daftari

Wanajukwaa, nimerejea. Usaili umefanyika jana, na nitaeleza yaliyojiri kwa kirefu kwa sababu sina hakika nimeyaelewa.

Niliuliza kwanza lile la miezi mitatu. Afisa rasilimali watu ndiye aliyejibu mwanzo, akasema wangependa mtu awe ameufahamu mfumo wao wa hesabu na amezoeana na wenzake. Mkuu wa kitengo alisubiri amalize, kisha akasema kwamba yeye anataka hesabu za mwezi zifungwe kufikia tarehe 5 ya mwezi unaofuata, kwa maana hivi sasa zinafungwa tarehe 18, wakati mwingine 20. Nikauliza kinachochelewesha ni nini. Akaeleza kwamba hati za kupokelea mizigo hutoka katika maghala matatu, huletwa kwa mkono na madereva, nyingine hazina sahihi ya aliyepokea, na bila hati hizo ankara za wauzaji haziwezi kuidhinishwa zilipwe. Alipokuwa akieleza alichukua kalamu na kuchora mishale mitatu nyuma ya nakala ya wasifu wangu.

Nikaingiza la pili kwa maneno ya Ndugu Ndimi_Mbili: je, nafasi ni mpya, au yupo aliyekuwa akizifuatilia hati hizo? Afisa akasema ni mpya. Mkuu wa kitengo akasema, "Alikuwepo mwenzetu, amehamia kitengo kingine." Pakawa na ukimya mfupi, kisha nikashukuriwa. Je, mmoja wao alinidanganya?

Bi_Msitari

Si lazima. Cheo kinaweza kuwa kipya katika muundo wa kampuni, na kazi yenyewe ikawa ya zamani, iliyokuwa ikifanywa na mtu mwenye cheo kingine. Hilo hutokea sana, na kila mmoja hapo amesema kweli kwa upande wake. Kilicho na uzito zaidi ni ile mishale. Umeambiwa kwamba kipimo chako kitakuwa tarehe 5, wakati ucheleweshaji wenyewe unaanzia maghalani, kwa watu ambao hawako chini ya kitengo cha uhasibu.

Wakikupigia simu, kabla ya kukubali, uliza swali moja tu: "Hati ya ghala ikichelewa, nani mwenye mamlaka ya kumwajibisha msimamizi wa ghala?" Ukiambiwa ni mkuu wa kitengo akishirikiana na mkuu wa maghala, na kwamba wamekwisha kulizungumza, kazi ina mlango. Ukiambiwa, "Hilo ndilo tunalotarajia wewe ulitatue," jua kwamba utadaiwa tarehe 5 huku ukitegemea watu wasiolazimika kukusikiliza. Bado unaweza kuikubali, ila omba muda wa kufikia tarehe hiyo uandikwe, na usiwe miezi mitatu.

Ndimi_Mbili

Mimi nina wasiwasi na "amehamia kitengo kingine". Mtu hahamishwi katikati ya matatizo ila ameomba mwenyewe kutoka.

Bi_Msitari

Huenda. Huenda pia alipandishwa cheo. Kwa maneno matatu ya msaili hatuwezi kuamua, na mwenye mada anaweza kuomba kuzungumza na huyo mwenzao iwapo atapewa kazi. Wengine hukubali, wengine hukataa.

Kibwebwe

Pamoja na hayo yote, hukuuliza kama wana shaka nawe. Sasa umebaki kusubiri gizani.

Mwenye_Daftari

Ni kweli, Ndugu Kibwebwe, nasubiri gizani. Muda uliisha kwenye yale mawili. Wameniambia watanijulisha ndani ya siku 10 za kazi, na swali la maghala nimekwisha kuliandika kwenye karatasi iliyo karibu na simu.

Jua_la_Asubuhi

Na mshahara?

Mwenye_Daftari

Upo kwenye karatasi hiyohiyo, chini ya maghala.