Eti ukinywa kreatini achana na mayai! Huyu trena wetu nani alimpa mamlaka ya kunusa msosi wa watu?

Mayai_Yangu
Wakuu, jasho la jimu halijakauka na hasira ndiyo kwanza inachemka. Simtaji. Mnamjua. Yule trena wa fulana iliyobana mpaka kitovu kinaomba hewa, anayekuhesabia seti huku macho yake yapo kwenye kioo anajitazama mwenyewe.

Nimemaliza zoezi, nimekaa zangu kando ya mlango, nafungua bakuli la mayai ya kuchemsha. Jamaa kaja, kalinyakua, kaliinua juu kama kombe, KANUSA, halafu kwa sauti ya mnadani: "Oneni huyu! Anakunywa kreatini na bado anakula mayai sita! Mtaa mzima utahama kwa ushuzi!" Jimu nzima ikacheka. Dada wa mapokezi alicheka mpaka akaegemea kaunta. Hata yule mzee anayekuja kukanyaga baiskeli tu alicheka.

Kanusa, wakuu. Mayai ya mwanaume mwenzake.

Kisha akatoa somo: ukiwa kwenye kreatini, protini shusha mpaka nusu, maana kijiko kimoja ni sawa na robo kuku. Na hilo kopo la kreatini kaniuzia yeye! Mbona siku ya kupokea hela hakunusa?

Kitasa_Kibovu
Mimi nimeishia kwenye kunusa. Mayai yalikuwa ya lini, mkuu?

Mayai_Yangu
Ya asubuhi! Kwani hoja ni umri wa mayai?

Kitasa_Kibovu
Nauliza tu. Huenda jamaa alikuwa anakuokoa.

Nadharia_Tupu
Punguzeni jazba, trena hajakosea sana. Kreatini mwili unaitengeneza wenyewe kwa amino asidi: arginini, glisini na methionini. Ukiinywa tayari imetengenezwa, hizo amino asidi zinabaki kwa kazi nyingine. Kwa hiyo protini unaweza kushusha. Hiyo ni sayansi, mayai weka pembeni.

Mama_Wawili
Umeanza vizuri mdogo wangu, hesabu ndiyo imekutupa. Mimi ni afisa lishe, maswali haya nakutana nayo kila wiki. Mwili unatengeneza kreatini kama gramu moja tu kwa siku. Hata ukiupumzisha kabisa na kazi hiyo, ulichookoa ni gramu moja mbili za amino asidi. Yai moja lina protini gramu sita. Yaani umeokoa kipande cha yai, halafu unataka kufuta trei.

Na kreatini haigeuki kuwa nyama ya msuli. Inakaa ndani ya msuli, inasaidia kurudisha ile nguvu ya ghafla ya sekunde chache unaponyanyua chuma, mwisho inatoka kwenye mkojo. Faida yake ni kwamba seti iliyokuwa inakufia mara ya nane unaweza kuifikisha ya tisa au ya kumi. Sasa ukishaufanyisha msuli kazi zaidi, utajengwa na nini kama protini umekata? Lengo lako la siku linabaki palepale, unywe kreatini usinywe.

Mwenye uzi, una kilo ngapi na unakula nini?

Mayai_Yangu
Kilo 70, dada. Asubuhi chai na chapati mbili. Mchana wali maharage kwa mamantilie. Usiku ugali dagaa. Mayai sita na nusu lita ya maziwa ndivyo alivyonikataza. Mbele ya watu. Baada ya kunusa.

Mama_Wawili
Kwa anayenyanyua vyuma, gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili ni lengo zuri. Kwako ni kama 112 kwa siku. Chapati zako tuseme 9, wali maharage 22 kama mama ntilie hakukubania maharage, ugali dagaa 25. Jumla 56. Mayai sita yanaleta 36, maziwa 16. Unafika 108, pazuri kabisa. Ukimsikiliza yeye unabaki na 56, nusu ya lengo, na hicho kijiko cha gramu tano hakiongezi hata moja kwenye hesabu hiyo.

Mayai_Yangu
Mmeona! Ila ana ushahidi wake. Wiki ya kwanza nilipanda kilo moja na nusu, akatangazia watu kwamba ni msuli mtupu, tena "bila mayai zingekuwa kilo tatu".

Mama_Wawili
Maji hayo. Kreatini inavutia maji kwenye msuli, kilo moja mpaka mbili mwanzoni ni kawaida, hasa ukianza na vile vipimo vikubwa vya gramu 20 kwa siku. Msuli wa kilo na nusu kwa wiki haupo duniani.

Nadharia_Tupu
Gramu 20 ndiyo njia sahihi lakini. Bila kujaza kwanza haifanyi kazi.

Mama_Wawili
Inafanya. Gramu tatu mpaka tano kila siku zinaujaza msuli ndani ya wiki tatu nne. Ukianza na 20 unafika ndani ya wiki moja, na wengine tumbo linawakoroga. Mwisho wa safari ni palepale.

Nadharia_Tupu
Mimi naona tofauti, na sibadilishi.

Mjomba_Tanga
Vijana acheni hiyo dawa. Mimi nilipimwa damu, kreatinini ikawa juu, daktari akaniuliza habari za figo mpaka nikaanza kuandika wosia.

Mama_Wawili
Shikamoo mjomba. Ulikuwa unakunywa kreatini wakati huo? Anayeinywa hicho kipimo kinaweza kupanda kidogo figo zikiwa salama, kwa sababu kreatinini ni mabaki yake. Ndiyo maana daktari aambiwe kabla hajasoma majibu. Mwenye ugonjwa wa figo kweli asiiguse bila kumwona daktari.

Mjomba_Tanga
Marahaba. Mimi nilikuwa nakunywa togwa tu.

Mama_Wawili
Basi mjomba rudi hospitali ukapime tena, hilo si la uzi huu.

Chuma_Kizito
Afadhali wewe umeuziwa kopo. Mimi huyohuyo kanipimia kwa kijiko cha chai, akanifungia kwenye mfuko wa karanga. Unga mtamu, unatoa povu.

Mama_Wawili
Kreatini tupu ni unga mweupe, haina ladha ya maana, na kwenye maji baridi nyingine inatuama chini ya glasi. Yako ikiwa tamu, kuna kitu kingine humo. Usiendelee nayo.

Chuma_Kizito
Buku ishirini yangu jamani.

Mayai_Yangu
Turudi kwenye mada. Mtu anawezaje kunusa...

Dada_Squati
Mada ni maji ya bafu! Wiki ya pili sasa bomba linatoa hewa, na ada wamepandisha. Mimi natoka pale na jasho langu mpaka kwenye daladala, watu wanafungua madirisha.

Kitasa_Kibovu
Dada, kumbe ni wewe? Tulidhani ni mayai ya huyu.

Dada_Squati
Nyamaza wewe. Na kabati langu nani kavunja kufuli?

Chuma_Kizito
Makufuli ya pale yote yanafunguka kwa ufunguo mmoja. Ulizia.

Mayai_Yangu
Wakuu, mayai?

Dada_Squati
Subiri kidogo kaka. Chuma, ufunguo huo anao nani?