Wakuu naomba ushauri, nawapangiaje wapangaji matengenezo bila kugombana nao?

Msimamizi_Kijana
Wakuu salamu. Nasimamia nyumba ya kupangisha ya baba mdogo, vyumba 14, yeye yuko mbali kwa hiyo simu zote zinakuja kwangu. Shida ni kwamba kila mpangaji anaona lake ndo dharura, mtu anakupigia alfajiri bawaba ya kabati imelegea na anaongea kama nyumba inaungua, mwingine choo kimemsumbua muda mrefu hajasema hata neno. Sasa nimegawa mafungu matatu, HARAKA, KARIBUNI na KAWAIDA. Kwa sasa kitasa cha chumba 3 hakifungi nimeweka haraka, sinki la chumba 9 linapitisha maji taratibu nimeweka karibuni, shawa ya chumba 6 inasumbua karibuni pia, rangi ya korido na hiyo bawaba kawaida. Swali langu ni moja tu, niwaahidi siku ngapi kwa kila fungu? Nataka nibandike tangazo leo leo.

Mzee_wa_Kibaraza
Kijana wangu, sisi tulipanga nyumba na tulikuwa na nyundo zetu. Mpangaji wa siku hizi taa ikiungua anapiga simu. Ukiwaahidi siku wataanza kukuhesabia masaa, shauri yako.

MpangajiSugu
Mimi nilikaa kwenye nyumba moja dari linavuja, kila nikituma meseji najibiwa "nimepokea". Nimepokea nimepokea mpaka dari likashuka lenyewe kitandani, bahati nilikuwa kazini. Yani neno nimepokea nikilisikia mpaka leo damu inachemka. Kwa hiyo mkuu hata usipotengeneza leo, sema fundi anakuja lini, hilo tu.

MamaFunguo
Mdogo wangu, usiahidi siku kabla hujauliza maswali, maana mpangaji anakwambia anachokiona, hakwambii kinachotokea. Chukua hilo sinki la chumba 9. Muulize, ukivuta maji ya choo, tundu la sakafuni bafuni linapandisha? Kama ni sinki peke yake basi uchafu umekaa kwenye kona ya bomba lake hapo chini, linaweza kusubiri. Lakini choo kikivutwa na bafuni kukapanda, hapo bomba kubwa ndo limeziba na kitakachopanda kesho sio maji ya vyombo, na huenda chumba 8 nao wameshaanza kuona. Tatizo lilelile, fungu limebadilika kwa swali moja. Halafu hiyo shawa "inasumbua", inasumbuaje? Haitoi maji, haipashi, au inavuja?

Msimamizi_Kijana
Asante dada, la choo nitamuuliza. Ya shawa sio kubwa, nimeshaongea na mpangaji tumeelewana. Turudi kwenye siku, mimi nilifikiria haraka siku 2, karibuni wiki 1, kawaida mwezi. Mnaonaje?

Bisibisi
Mkuu jibu swali la mama hapo juu. Shawa ya umeme au ya maji ya kawaida?

Msimamizi_Kijana
Ya umeme, ile inayopasha hapohapo maji yakipita.

Bisibisi
Enhe. Na inasumbuaje?

Msimamizi_Kijana
Haya. Anasema akigusa koki wakati anaoga inamtekenya mkono. Sio shoti ile ya kurushwa, ni kutekenya tu. Ndo maana nikaiweka karibuni na sio kawaida. Fundi anakuja jumamosi, nimempanga afanye kazi zote kwa mkupuo, baba mdogo hataki fundi aitwe kila kitu kikiharibika, na mimi nimeshamwambia mpangaji avae ndala akioga na amekubali, hajalalamika tena.

Jogoo_la_Mtaa
Ndala za kuogea zimekuwa vifaa vya umeme 😂😂 kesho tutaambiwa tuoge na helmeti

Bisibisi
Mkuu acha kusoma uzi huu, nenda kazime breka ya hicho chumba sasa hivi kisha urudi. Siongei kwa utani. Ndala iliyolowa na maji yanayopita juu yake mpaka kwenye mguu haizuii kitu, na umeme si lazima upitie mguuni, mkono mmoja kwenye koki mwingine kwenye ukuta mbichi unatosha kupita kifuani. Kutekenya ndo shoti yenyewe, tofauti yake na ile ya kurusha ni ngozi ilikuwa kavu kiasi gani siku hiyo.

Testa_Boi
Bisibisi usimtishe jamaa. Ingekuwa ni hatari breka ingeruka, breka kazi yake ndo hiyo. Achukue testa aguse koki, ikiwaka ndo ajue kuna umeme, isipowaka ni mpangaji anajisikia tu.

Bisibisi
Kwenye testa umepata nusu. Ikiwaka ni habari mbaya kweli, isipowaka sio ruhusa ya kuoga, maana kuna mivujo inakuja maji yakitembea tu na hapo hakuna anayeshika testa. Kwenye breka umekosea. Breka ya kawaida ya shawa ni ya ampia 32 hivi, inangoja mzigo uzidi hapo au nyaya zigusane. Kinachoua mtu ni sehemu ndogo sana ya ampia moja, breka hiyo haina habari nacho kabisa, utaanguka na taa zinaendelea kuwaka. Inayokata kwa umeme unaovuja ni ile yenye kitufe kidogo kimeandikwa T, ya kulinda mtu kawaida inakata kwenye miliampia 30. Msimamizi, nyumba yenu ina hiyo?

Msimamizi_Kijana
Sijaona kitufe chochote, kuna breka moja moja za kila chumba. Lakini sikilizeni, kwa kuwa mmenibana, kuna kitu kingine. Huyu wa chumba 6 anasema hata akizima swichi ya shawa ukutani akaoga maji ya baridi bado inatekenya. Na wa chumba 7 naye kasema jana koki ya jikoni kwake "inachezacheza". Ndo maana nikaona labda ni mambo ya kuambiana tu, maana wanaongea sana hawa wawili.

Kachero_wa_Nyuzi
Hii chai. Tangu mwanzo nanusa. Kwanza shawa inasumbua, mara inatekenya, mara inatekenya ikiwa IMEZIMWA, mara jikoni kwa jirani. Umeme umezimwa unapigaje mtu? Huyu sio msimamizi, huyu ni mpangaji wa chumba 6 anatafuta maneno ya kumpelekea mwenye nyumba. Nani anasimamia vyumba 14 hajui kama ana breka ya kitufe?

Jogoo_la_Mtaa
Leteni vikombe wakuu

MpangajiSugu
Hata akiwa mpangaji kuna ubaya gani, anaoga na umeme mwenzenu

Msimamizi_Kijana
Kachero mimi sina muda wa kutunga hadithi. Nimezima breka ya 6 kama alivyosema Bisibisi na kelele nimeshazipata za maji ya moto. Wewe amini unachotaka.

Bisibisi
Kachero, hicho unachosema hakiwezekani ndo kimenifanya niamini. Swichi nyingi za ukutani zinakata waya mmoja tu. Fundi akikosea akapitisha nyutro kwenye swichi badala ya laivu, ukizima shawa haipashi, taa yake inazimika, unaona imekufa, kumbe laivu imebaki imekaa kwenye ile koili ndani. Na kwenye shawa nyingi za hivi koili iko wazi ndani ya maji, maji ndo waya wake mpaka kwenye koki. Erthi ingekuwepo umeme ungekwenda ardhini, sasa haipo au imekatika kwa hiyo unamsubiri mtu aguse. Mtu anayetunga asingejua kuweka hiyo ya swichi.
Ila ya chumba 7 ndo inanitia wasiwasi zaidi. Kama mabomba ni ya chuma na yameungana, umeme wa chumba kimoja unatembea mpaka koki za wengine, na inawezekana chanzo wala sio 6. Msimamizi, baada ya kuzima breka ya 6, 7 bado inacheza? Usimwambie aguse ajaribu!! Huo mtihani ni wa fundi umeme na kipimo chake. Mpaka hapo zima ya 7 pia, na fundi bomba wako wa jumamosi hii sio kazi yake.

MamaFunguo
Sasa tangazo lako lirudi hapa. Haraka isiwe na muda mmoja, iwe na miwili. Wa kwanza ni wa kuondoa hatari, huo ni masaa, na wewe umeshaufanya kwa kuzima breka. Wa pili ni wa kutengeneza, huo unaweza kufika siku kadhaa na mpangaji anavumilia kama umemwambia mapema. Watu wengi wanaahidi wa pili kwa muda wa wa kwanza halafu wanaonekana waongo. Na usiandike siku kwenye ukuta peke yake, mtumie kila mtu lake. Mimi ningemwandikia hivi:

"Habari jirani wa 6. Taarifa yako ya koki kutekenya naiweka HARAKA kwa sababu ni umeme kwenye maji. Breka yako nimezima, naomba usiwashe hata kidogo, na usioge hapo mpaka nikwambie. Fundi umeme anakuja leo kabla ya saa 12 jioni, kazi yake ya leo ni kutafuta chanzo na kuitenga shawa ili taa na soketi zirudi. Shawa yenyewe inaweza kukaa siku kadhaa. Saa 1 usiku nakupa taarifa, hata kama hakuna jipya."

Hiyo sentensi ya mwisho usiifute. Mtu akijua saa ya kusikia kutoka kwako hapigi simu alfajiri. Na wa 7 mtumie ya kwake, asiisikie kwa wa 6.

Mzee_wa_Kibaraza
Maneno mengi hayo. Enzi zetu tulioga kwa ndoo.

Testa_Boi
Mzee hapo umenena, ndoo haina laivu

Msimamizi_Kijana
Nimetuma kwa wote wawili, nimebadilisha jina la chumba tu. Fundi umeme amekuja. Swichi ya 6 kweli alikuta nyutro ndo inakatwa. Shawa kaitenga, nyaya kazifunga ncha, taa zimerudi 6 na 7, kapima koki za vyumba vyote viwili kasema sawa. Lakini kasema erthi ya nyumba nzima ni waya umeishia ukutani haujafika popote, kwa hiyo shawa zingine tano nazo hazina. Nimempigia baba mdogo, kasema erthi na hiyo breka ya kitufe isubiri mwisho wa mwezi. Wale watano hawajalalamika kitu. Niwaweke fungu gani? Hawajaomba matengenezo.

Bisibisi
Haraka, na wala sihesabu aliyeomba. Zizimwe kwenye breka zote tano mpaka erthi ifike ardhini, na breka ya kitufe isiachwe nyuma.

MamaFunguo
Hapo mimi na Bisibisi tunakubaliana kwenye kuzima, ila waambie kabla hujazima, na tarehe ya mwisho wa mwezi aiandike baba mdogo mwenyewe kwa meseji, wewe uisambaze kama ilivyo. Usiibebe wewe.

Msimamizi_Kijana
Wa 6 ameshaniuliza kama kodi itapungua kwa siku ambazo shawa haipo. Nimjibu nini?

MpangajiSugu
Ipungue. Alipanga chumba chenye shawa.

Mzee_wa_Kibaraza
Isipungue hata kidogo, alipanga chumba.

Kachero_wa_Nyuzi
Ona sasa, tumefika kwenye kodi. Niliwaambia huyu ndo wa chumba 6.