Mnajaza Sheng kama "mbogi" na "rada" kwenye kichwa cha video, halafu mnalia hamuonekani kwenye utafutaji!

KalamuKavu

Hebu tuambiane ukweli leo, hata kama mtanuna. Kila wiki kuna video ya ufundi safi kabisa, fundi anajua kazi, picha haitikisiki, sauti inasikika, halafu anayeandika kichwa anaizika hai. Mfano ni huu, wa aina mnayoipenda:

Nduthi Inabugia Mafuta Kama Mlevi? Cheki Rada Mbogi!!

Herufi 53. Ndani ya video fundi anaonyesha Boxer 150 yenye plagi iliyopakaa masizi meusi, anaeleza kwamba chujio la hewa limeziba au choki imeachwa imefungwa nusu, basi injini inapata mafuta mengi kuliko hewa. Maarifa ya kumwokolea mtu pesa. Kichwani mmeacha nini cha kutafutwa? "Nduthi" na "mafuta". Hayo mengine yote ni mapambo. Hakuna mtu aliyekwama na pikipiki kando ya barabara atakayeandika "cheki rada" kwenye kisanduku cha utafutaji. Mwenye shida huandika jina la chombo na ugonjwa wake: "boxer 150 kula mafuta", "plagi nyeusi", "pikipiki kutoa moshi mweusi". Basi.

Halafu baada ya miezi miwili mnasema eti YouTube inawaonea. Fungua video yenyewe kwenye YouTube Studio, ingia Analytics, halafu Reach, uangalie "Traffic source". Ukikuta karibu wote wametoka "Browse features" na "YouTube search" ni kiduchu, hujaonewa na mtu. Kichwa chako kinafanya kazi kwa aliyekuwa anapitapita tu, na hakifanyi kazi kwa aliyekuwa na shida. Bonyeza hiyo "YouTube search" usome maneno waliyoandika. Kama ni "nduthi comedy" na "nduthi za Nairobi", umeletewa watu wa vichekesho, nao wakiona kabureta wanaondoka.

Mimi ningeandika: "Boxer 150 kula mafuta: plagi nyeusi, chujio chafu". Herufi 49, na hata simu ndogo ikikata mwishoni, jina na ugonjwa vimeshasomeka.

Bi_Sarufi

Ahsante sana mwanangu. Sheng inaua Kiswahili chetu. Watoto hawajui hata ngeli. Neno sanifu ni pikipiki, na atakayeandika kwa usahihi atapatikana. Vichwa vyote viandikwe kwa Kiswahili fasaha, tatizo limekwisha.

KalamuKavu

Shikamoo mwalimu, lakini mimi silii na ngeli. Nalia na neno ambalo mtu haliandiki anapotafuta. Kichwa chaweza kuwa fasaha na bado kisitafutwe: "Namna ya kudhibiti matumizi yaliyokithiri ya nishati katika pikipiki" ni Kiswahili kizuri na hakuna mwendesha boda atakayekiandika. Tena neno la mtaani huhamia nyumbani likazeeka huko. Matatu lenyewe lilikuwa la mtaani, la nauli ya senti 30, leo nani analiita Sheng?

Mtaa_wa_Saba

Niaje KalamuKavu. Uko na point nusu, lakini unachoma. Huyo boda wa Eastlands akiona "Boxer 150 kula mafuta" kwenye simu anaona tangazo la duka. Akiona "nduthi" anajua huyu ni mtu wetu. Watu wengi hawatafuti chochote, wanateremsha skrini tu. Bila neno la mtaa unapoteza hao. Dawa ni rahisi: wacha kichwa kikae na Sheng, halafu weka maneno yote ya utafutaji kwenye tags, pikipiki, bodaboda, kabureta, kila kitu. Google haielewi Sheng hata hivyo.

Shangazi_Takwimu

Mtaa_wa_Saba, hapo mwanzo umesema kweli, mwishoni umepotoka. YouTube wenyewe wanasema tags zina mchango mdogo sana, na faida yake kubwa ni pale neno linapokosewa kuandikwa mara kwa mara. Kwa hiyo "nduthe" na "nduthii" ziweke huko kama unataka, ila usitegemee tags zibebe kazi ya kichwa. Maneno ya sanifu yaweke kwenye mistari miwili ya kwanza ya maelezo, kwa sentensi ya kawaida, na fundi ayatamke. Aseme mwanzoni, "Pikipiki yako aina ya Boxer ikila mafuta sana..." Haigharimu kitu.

Na hilo la Google kutoelewa Sheng, si la kukata moja kwa moja. Haiishii kulinganisha maneno yaliyoandikwa, hukisia na maana, ila hukisia vizuri zaidi kwa Kiingereza kuliko kwa lugha zetu. Usibahatishe kwamba itajua nduthi ni pikipiki. Wewe mwenyewe waunganishe hao wawili kwenye ukurasa mmoja.

KalamuKavu, nawe kuna mahali unakimbilia hukumu. Tofautisha neno la mtaa lililo jina la kitu na neno la mtaa lililo la kupiga soga. Nduthi, keja, njumu, hayo ni majina, mtu anaweza kuyaandika akitafuta. Mbogi, rada, cheki, hayo ni maamkizi. Ukiyaondoa kichwani hakuna kinachopotea kwenye utafutaji, ila kwenye mtiririko wa simu yanaweza kuvuta jicho. Kosa la kile kichwa chako cha mfano ni kwamba maamkizi yamekula nafasi ya ugonjwa. Nduthi halina hatia.

MgeniWaTanga

Wakuu, huku kwetu Tanzania nduthi ni nini? Nilidhani ni aina ya mdudu. Sisi ni bodaboda au pikipiki. Na si hilo tu, kuna maneno yenu huku yana maana nyingine kabisa. Nimeona kichwa "Anza biashara na mbao tano", nikafungua nikitegemea bei za mbao za kupaulia nyumba. Kumbe mbao kwenu ni shilingi 20!

KalamuKavu

😂 Mkuu umenisaidia kuliko wote. Hilo ndilo baya zaidi: neno la mtaani ambalo tayari ni neno la Kiswahili. Mbao ni moja. Ngiri ni baya kuliko mbao. "Ngiri mbili kwa siku" kwa kijana wa Nairobi ni shilingi 2,000. Kwa anayetafuta kwa Kiswahili, ngiri ni mnyama, na pia ni ugonjwa wa mshipa. Utaletewa wagonjwa wanaotafuta dawa, waone unafundisha biashara ya mitumba, waondoke papo hapo. Andika tu "2,000". Tarakimu haina lahaja.

Na majina ya pesa huzeeka. Noti ya 500 ikiitwa "jirongo" ni siasa za 1992, jina la mwanasiasa Cyrus Jirongo. Kijana aliyezaliwa juzi halijui, na video inakaa miaka.

DukaLaViatu

Samahani nikiingilia. Nauza njumu za mtumba na nina ukurasa wa duka. Niandike njumu au viatu vya mpira? Nikiandika viatu vya mpira napata maswali ya gambuti.

Shangazi_Takwimu

Njumu, bila kusita. Linasikika pande zote mbili za mpaka, na "viatu vya mpira" lina maana mbili kama ulivyoona mwenyewe. Lakini kabla hujaamua kwa maneno yangu, fungua dirisha la faragha kwenye kivinjari, andika "njumu" herufi kwa herufi, uone mapendekezo yanayotokea. Kisha tazama matokeo kumi ya kwanza. Wakiwa ni wauzaji, neno hilo ni la wanunuzi. Wakiwa ni nyimbo na vichekesho, tafuta neno jingine. Ongeza na saizi, watu huitafuta hiyo.

Kipimo hichohicho kinafaa nduthi. Kwenye Google Trends chagua Kenya, badilisha "Web Search" iwe "YouTube Search", ulinganishe nduthi, pikipiki na boda boda. Kumbukeni zile namba za 0 hadi 100 ni uwiano tu, si idadi ya watu. Na mstari wa nduthi ukiwa juu haumaanishi hao wote wana kabureta mbovu.

Mtaa_wa_Saba

Sawa Shangazi, tags nimekubali. Lakini mimi nina tovuti pia, na kwenye Search Console ya Google maneno ya Sheng hayaonekani kabisa. Si hiyo inaonyesha hayatafutwi?

Shangazi_Takwimu

Hapana, na hapa ndipo wengi hudanganyika. Search Console huficha maneno yanayotafutwa na watu wachache mno. Jumlisha mibofyo ya maneno yaliyoorodheshwa, utaona haifikii jumla ya juu. Sheng haina tahajia moja, kwa hiyo neno moja hugawanyika vipande vinne vitano vidogo, na kila kipande kinaweza kufichwa. Pikipiki lina tahajia moja au mbili, linaonekana zaidi. Chuja nchi iwe Kenya, kisha kwenye Query chagua Custom (regex) uweke:

```
nduth[iey]+|piki ?piki|boda ?boda
```

Utapata vipande vilivyoonekana vikiwa pamoja. Vilivyofichwa bado huvioni, kwa hiyo kama nduthi imetoka ndogo, hujui ni ndogo kiasi gani.

Kwa tovuti una nafasi ambayo video haina. Kichwa cha matokeo na kichwa cha juu ya ukurasa vinaweza kutofautiana:

```html
<title>Boxer 150 kula mafuta: sababu na marekebisho</title>
<h1>Nduthi inakula mafuta? Anza na plagi</h1>
```

Wa utafutaji anaona cha kwanza, aliyetumiwa kiungo akifungua anasoma cha pili. Ila Google wakati mwingine huchukua h1 badala ya title, hasa vikitofautiana mno, kwa hiyo acha "kula mafuta" kwenye vyote viwili.

Mtaa_wa_Saba

Hiyo nimeiiba. Lakini kwa video kichwa ni kimoja. Mimi ningeweka "Nduthi kula mafuta: kabureta ya Boxer 150 na plagi nyeusi". Herufi 57. Nduthi mbele.

KalamuKavu

Hicho sikigombezi, kina jina na ugonjwa. Ningetanguliza Boxer, kwa sababu simu ikikata, kinachobaki ni "Nduthi kula mafuta: kabureta ya..." na mwenye Boxer hajui kama ni yake.

MgeniWaTanga

Na mimi bado nisingekipata. Nyote wawili mmekataa kuandika pikipiki.

KalamuKavu

Kama kituo ni cha waendesha boda wa Nairobi, pikipiki ikae kwenye maelezo na mdomoni mwa fundi. Kama mnataka na Tanga, itoke nduthi iingie pikipiki.

Mtaa_wa_Saba

Nduthi haitoki.