Mapitio ya kazi tangulizi: msimamizi kasema nimeandika "orodha ya mahudhurio". Nianzie wapi kurekebisha?

Kinanda_Kimya

Wakuu salaam. Niko kwenye tasnifu ya uzamili ya muziki. Mada yangu ni namba za metronomu ambazo Beethoven aliziweka kwenye simfoni zake, na jinsi watafiti walivyoeleza kwa nini nyingi zinaonekana za kasi kupita kiasi. Nimekusanya makala na vitabu 58 na nimevisoma kweli, sikuishia kwenye ikisiri. Sura ya pili ikatoka kurasa 31. Juzi imerudi na maneno matatu pembeni: "orodha ya mahudhurio".

Nawawekea kipande muone:

"Stadlen (1967) alichunguza namba za Beethoven na kuhoji baadhi yake. Kolisch (1993) anamjibu kwa kusema namba hizo ni za kuaminika na zinaendana na tabia ya kila muziki. Forsén na wenzake (2013) wanasema huenda metronomu yake ilikuwa na hitilafu. Martín-Castro na Ucar (2020) wanasema huenda aliisoma vibaya."

Na inaendelea hivyo hivyo hadi ukurasa wa 31. Nipunguze vyanzo? Nipange kwa miaka? Halafu nitajuaje kwamba nimetafuta vya kutosha?

Bonge_la_Besi

Mkuu usijichoshe na hizo namba. Mimi napiga besi kwenye okestra mwaka wa tisa huu, na hakuna kondakta aliyewahi kutuletea metronomu ya mwaka 1817. Tunakwenda na ukumbi. Ukumbi ukiwa na mwangwi mrefu unapunguza mwendo, basi. Andika hivyo umalize.

Kinanda_Kimya

Asante kaka, ila siulizi tupige kwa kasi gani. Naulizia namna ya kuandika sura.

Mtafiti_Mkavu

Mdogo wangu, tatizo lako ni wingi. Chukua kazi za miaka kumi iliyopita tu, zilizobaki tupa. Mimi niliandika kuhusu woga wa jukwaani kwa waimbaji, na sura nzima ilikuwa na vyanzo 24, vingi vipya. Tafuta makala mpya kuliko zote, ingia kwenye marejeleo yake, vuta zile zinazojirudia. Baada ya hapo panga kwa mada badala ya kupanga kwa mwandishi. Ndani ya wiki umemaliza.

Mama_Katalogi

Mtafiti_Mkavu, la kupanga kwa mada nakubali. La miaka kumi linafaa kwenye saikolojia, kwa sababu vipimo vinabadilika na utafiti mpya unafunika wa zamani. Kwenye historia ya muziki makala ya miaka themanini nyuma inaweza kuwa bado ndiyo inayobishiwa. Ukitupa ya zamani, mwanafunzi atabaki na watu wanaogombana na mtu asiyeonekana.

Kinanda_Kimya, nimefanya kazi kwenye maktaba ya muziki muda mrefu na sura za namna hii zimepita mikononi mwangu nyingi. Kabla ya yote, kwenye kipande chako kuna kosa ambalo msimamizi hakulitaja, au ameliacha ulione mwenyewe. Rudolf Kolisch alifariki mwaka 1978. Atamjibuje mtu mwaka 1993?

Kinanda_Kimya

Aisee. Lakini PDF niliyonayo imeandikwa 1993, nimeitazama sasa hivi.

Mama_Katalogi

Ndiyo, imeandikwa hivyo. Makala ya Kolisch ilitoka mwaka 1943, na jarida lile lile likaichapisha upya mwaka 1993. Wewe umepata hiyo ya pili, Zotero ikachukua mwaka ulioandikwa juu, nawe ukajenga sentensi juu yake. Kwa hiyo mjadala wako umesimama kichwa chini: Kolisch ndiye aliyetangulia, Stadlen kaja miaka 24 baadaye. Rudi kwenye vyanzo vyote 58, uongeze safu moja tu ya "ilitoka mara ya kwanza lini". Tafsiri, toleo la pili, mkusanyo wa makala za mzee aliyestaafu, vyote hivyo vinadanganya tarehe.

Sasa kuhusu kupanga. Usianze na nani kasema nini. Jiulize wanabishania nini hasa, kisha kila kazi uiulize maswali yale yale. Kwa mada yako mimi ningeuliza matatu: anaiamini namba au haiamini? Ushahidi wake ni wa aina gani? Na anamtegemea nani? Hilo la tatu ndilo watu wanaliruka, na ndilo linaloiokoa sura.

Chukua mfano wa Schindler, yule aliyekuwa karibu na Beethoven na baadaye akaandika maisha yake. Kwa miaka mingi watafiti walimtumia kuonyesha kwamba Beethoven alitaka mwendo unaonyumbulika. Mwaka 1977 ikathibitishwa kuwa Schindler aliingiza maneno ya kughushi kwenye vile vitabu vya mazungumzo baada ya Beethoven kufa. Ukiwa na safu ya "anamtegemea nani", utaona mara moja ni hoja zipi kati ya zako 58 zimesimama juu ya Schindler. Huhitaji kuzitupa. Unaziweka pamoja, unasema zilitegemea nini, na nini kilizitikisa. Hiyo aya moja ina uzito kuliko kurasa tano za "fulani anasema".

Na Schindler mwenyewe si kazi tangulizi. Ni chanzo cha msingi, sawa na Czerny, sawa na orodha ya namba za simfoni nane za kwanza iliyochapishwa mwaka 1817. Hao wapeleke kwenye sura ya data. Nina hakika kurasa sita au saba zitapungua hapo hapo.

Kinanda_Kimya

Mama, nimehesabu: 11 kati ya 58 ni vyanzo vya msingi. Nilikuwa nimemweka Czerny katikati ya watafiti wa leo.

Nimejaribu kuandika upya kile kipande. Nisahihishieni bila huruma:

"Hakuna anayebisha kwamba namba ni za Beethoven, ubishi ni kama zinatueleza mwendo aliokusudia. Kolisch (1943) anazikubali, na ushahidi wake uko ndani ya muziki wenyewe: sehemu zenye tabia moja anaona zinadai mwendo wa aina moja. Wanaozitilia shaka hawakai kundi moja. Forsén na wenzake (2013) wanakitazama kifaa, na kwa hesabu wanaonyesha namna metronomu iliyoharibika ingeweza kutoa namba zisizo sahihi. Martín-Castro na Ucar (2020) hawakilaumu kifaa bali usomaji: walipima mwendo kwenye rekodi za makondakta 36, wakapendekeza kwamba Beethoven alisoma namba iliyo chini ya uzito unaoteleza badala ya iliyo juu yake. Wote hao wawili wanaanza na dhana ambayo Kolisch asingeikubali, kwamba mwendo unaoonekana wa kawaida kwetu ni kipimo cha kosa lake."

Mama_Katalogi

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo mapitio. Huko juu ulikuwa unawapanga watu foleni, hapa umeona kitu ambacho hakuna hata mmoja wao alikisema. Angalia tu neno "wote": kwa Martín-Castro na Ucar dhana hiyo inaonekana wazi, kwa kuwa rekodi ndizo kipimo chao. Kwa Forsén na wenzake rudi kwenye maandishi, uonyeshe ni wapi hasa dhana hiyo inaingia. Ukishindwa kuonyesha ukurasa, punguza kauli.

Na Stadlen amepotea! Mrudishe, yeye ndiye daraja kati ya Kolisch na hawa wa mahesabu.

Mtafiti_Mkavu

Sawa, nimekubali kuhusu miaka. Lakini swali lake la "nimetafuta vya kutosha" halijajibiwa. Mimi husimama marejeleo yakianza kujirudia.

Mama_Katalogi

Hicho ni kipimo kizuri, ila kina tundu. Marejeleo yanakupeleka nyuma tu, kwa hiyo lazima uende mbele pia: nani alimnukuu Kolisch baada ya 1943? Halafu waandishi wa lugha moja hunukuuana wenyewe kwa wenyewe. Yatajirudia kwa sababu umezunguka chumba kimoja. Kinanda_Kimya, ulitafuta kwa maneno gani?

Kinanda_Kimya

Beethoven, metronome, tempo. Kwenye JSTOR, basi.

Mama_Katalogi

Nilihisi. JSTOR ni ghala la majarida iliyonayo, haikuambii fani nzima imeandika nini. Ingia RILM, ambako kuna ikisiri za fani yenyewe. Nguvu yake kubwa ni kuanzia mwaka 1967, kwa hiyo kwa majarida ya zamani ongeza RIPM, inayoishia 1966. Jaribu hivi:

```
beethoven AND (metronom* OR tempo* OR tempi OR zeitmaß* OR zeitmass*)
```

Nyota inakamata tahajia ya Kijerumani na ya Kiingereza kwa mpigo. Bila neno la Kijerumani la mwendo utakosa kazi ambazo hazitaji metronomu kwenye kichwa kabisa. Andika tarehe uliyotafuta na idadi uliyopata, msimamizi akiuliza uwe na jibu. Kama Kijerumani hukisomi, soma ikisiri na useme waziwazi kwamba uliishia hapo.

Bonge_la_Besi

Nimerudi. Kuna ile nadharia kwamba mlio mmoja wa metronomu zamani ulihesabiwa nusu, kwa hiyo kila kitu kipigwe nusu ya kasi. Mtandaoni imejaa. Mbona hamjaitaja?

Kinanda_Kimya

Kaka umenigusa. Talsma aliandika hilo mwaka 1980, na mimi nimemwacha makusudi maana watafiti wengi hawamkubali.

Mama_Katalogi

Mweke. Sentensi mbili au tatu: anadai nini, kwa sehemu zipi za muziki, na alipingwa kwa ushahidi upi. Ukimwacha, mtahini atadhani humjui.

Mtafiti_Mkavu

Hapo napinga. Ukimpa nafasi unamfanya aonekane sawa na wengine. Tanbihi inamtosha.

Mama_Katalogi

Tanbihi kwa mtu ambaye wasomaji wengi watakuja na swali lake? Hapana.

Kinanda_Kimya

Mtabishana kesho. Mimi nina moja bado linanisumbua: rekodi za makondakta ni kazi tangulizi au ni data? Norrington aliporekodi akizifuata namba, si alikuwa anatoa hoja kama Kolisch, ila kwa okestra?

Mama_Katalogi

Nimeona tasnifu zilizopita kwa namna zote mbili. Mimi huiita data kama unaipima kwa saa, na huiita hoja kama kondakta ameandika maelezo ya kuitetea. Ila wapo wanaosema kupiga kwenyewe ni hoja tosha. Muulize msimamizi kabla hujagusa sura ya tatu.

Bonge_la_Besi

Hatimaye mmefika kwetu wapigaji.

Kinanda_Kimya

Nina miadi naye Alhamisi. Naenda na jedwali lenye safu nne na ile aya moja, kurasa 31 naziacha nyumbani. Stadlen nimeshamrudisha.