Tupeane uzoefu: umewahi kuunganishwa na mtu kwa imeli bila kuulizwa?

Binti_Bugolobi: Jamani, leo nimefungua imeli nikakuta shoga yangu wa chuo kaniunganisha na kijana nisiyemjua kabisa. "Huyu ni dada yangu, atakusaidia kila kitu." Ametumia anwani yangu binafsi, ile ninayopokelea mambo ya benki. Nikinyamaza nitaitwa mwenye maringo, nikijibu nimejitwisha kazi. Waliokutwa na haya leteni visa vyenu.

kahawa_bugisu: Hapo kwenye "kila kitu" ndipo wanapotumaliza.

Afisa_Mstaafu_Jinja: Umenikumbusha kisa kilichoninyima usingizi. Ofisi siitaji. Nilikuwa kwenye kamati ya tathmini ya zabuni ya sola. Bahasha zimeshafunguliwa, tumeshatia sahihi kwamba hatuna maslahi na mzabuni yeyote, na kazi bado inaendelea. Jamaa mmoja tuliyesoma naye, hajui lolote kuhusu zabuni, akatuandikia imeli moja mimi na mkurugenzi wa kampuni fulani: "Nyote ni ndugu zangu, mna mengi ya kuzungumza." Ile kampuni ilikuwa mmoja wa wazabuni!

Kabla sijaamua la kufanya, mkurugenzi akajibu kwa Reply all, akashukuru kwa "mawasiliano haya mazuri", akaambatisha kijitabu cha bidhaa zake na kumweka meneja wake wa mauzo kwenye Cc. Anwani yangu ya ofisi sasa iko kwenye imeli moja na mzabuni, tena wa tatu ananisoma. Jioni simu ikaanza kulia, maana namba iko pale chini ya sahihi yangu.

Sikumjibu. Niliipeleka imeli yote kwa mkuu wa kitengo cha manunuzi, nikaandika barua ya kujitoa. Kamati ikatafutiwa mtu mwingine, tathmini ikachelewa, na mzabuni aliyeshindwa akaomba mapitio ya kiutawala akitaja kubadilishwa kwa wajumbe. Yule jamaa nilipomuuliza akasema, "Mimi nilikuwa nakusaidia tu." Swali moja lingetosha: nimpe fulani anwani yako? Ningemjibu ngoja kwanza, yakaisha.

Boda_Digital: Mzee, zabuni ilichukuliwa na nani?

kahawa_bugisu: Hata mimi nataka kujua hapo 😂

Afisa_Mstaafu_Jinja: Hilo si lenu.

Boda_Digital: Mimi ningeifuta tu ile imeli. Nani angejua?

Afisa_Mstaafu_Jinja: Ukifuta unafuta ya kwako, kijana. Ipo kwa jamaa, kwa mkurugenzi, kwa meneja wake, na kwenye seva ya ofisi. Siku ikiibuka, utaulizwa kwa nini ulifuta. Bora niliyeipeleka mwenyewe.

Ssalongo_Mtarajiwa: Mimi nina kwanjula mwezi wa Desemba, nilidhani hapa mnazungumzia kutambulishwa ukweni. Barua ya kwenda kwa wazazi wa binti inaandikwaje?

Binti_Bugolobi: 😂😂 Kaka umepotea njia. Ila hata huko, huendi kabla senga, shangazi wa binti, hajaongea naye. Huyu shoga yangu karuka senga.

Katibu_Mbale: Kazi yangu kwa muda mrefu imekuwa kuunganisha watu: wakulima, wanunuzi wa kahawa, watu wa vyeti. Nieleze ninavyofanya.

Anayeomba kuunganishwa tayari amekubali, huyo haulizwi tena. Anayeulizwa ni yule atakayetoa muda wake, na anaulizwa peke yake, si mbele ya mwenzake. Juzi kijana wa chama cha ushirika alitaka kuongea na mama mmoja anayeonja kahawa Kampala. Nikamwambia kijana aniandikie imeli mpya, fupi: yeye ni nani, anataka nini hasa, na kwa muda gani. Akaandika kwamba wana magunia ya arabika ambayo mnunuzi ameyakataa kwa ladha ya kuchacha, na anaomba dakika ishirini za simu. Nikampelekea mama kwa Forward, juu nikaongeza: "Ukikataa hakuna ubaya, sitamwambia sababu. Ukikubali, nitumie anwani ipi?"

Nasisitiza imeli mpya. Ukipeleka mazungumzo ya zamani kwa Forward, yote mliyosemezana huko nyuma yanafuata chini yake. Nimewahi kuona mtu akisoma hapo chini kwamba yeye "ni mgumu lakini mvumilie".

Mama akakubali, akataka itumike anwani ya kazi. Ndipo nikawaandikia wote wawili, kichwa cha imeli kina majina yao na neno kahawa, sentensi mbili kuhusu kila mmoja. Kijana ndiye aliyejibu kwanza, siku hiyohiyo, kwa sababu shida ni yake. Akanishukuru na kunihamishia kwenye Bcc, nikajua wamekutana na majibu yaliyofuata hayakunifikia. Ukiwa kwenye Bcc usibonyeze Reply all, utajitokeza katikati ya maongezi ya watu.

Wakili_wa_Mtaani: Mnazunguka bure. Kutoa anwani ya mtu bila idhini ni kosa, Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019. Mshitaki huyo shoga yako.

Katibu_Mbale: Sheria ipo, na idhini imo. Lakini uzito wake uko kwa wanaokusanya na kuchakata data za watu: benki, shule, kampuni za simu. Kama shoga yake angeichota anwani kwenye orodha ya wateja wa mwajiri wake, hapo tungeongea lugha nyingine. Rafiki kwa rafiki, sijui kama ungefika mbali.

Wakili_wa_Mtaani: Sheria haisemi "isipokuwa marafiki".

Katibu_Mbale: Basi anza wewe kesi, sisi tutakuja kusikiliza.

Babu_wa_Bombo: Uzungu umewazidi. Kwetu mtu akija na shida unamshika mkono, unampeleka kwa anayeweza. Tangu lini ukaomba ruhusa kumpelekea ndugu yako mgeni?

Binti_Bugolobi: Shikamoo babu. Mgeni aliyeletwa nyumbani anakunywa chai, anaaga. Anwani ikitoka hairudi. Mwaka jana nilipewa mmoja hivi, sasa napokea matangazo ya viwanja vya Wakiso kila wiki.

Babu_wa_Bombo: Marahaba. Viwanja vya bei gani? 😄

Boda_Digital: Swali la kweli sasa: yule mwenye muda akikataa, aliyeomba unamwambiaje? Mimi husema sikumpata.

kahawa_bugisu: Usiseme hivyo. Nilisema "sikumpata", kesho yake wakakutana kanisani Namirembe wakasalimiana vizuri kabisa. Sema "kwa sasa hana nafasi".

Afisa_Mstaafu_Jinja: Ukisema "kwa sasa", anarudi mwezi ujao. Sema "haitawezekana", mtafutie mtu mwingine.

Katibu_Mbale: Mimi simwambii aliyeomba nimemuuliza nani. Namwambia nitatafuta wa kukufaa. Akikataa, hakuna jina la kulindwa.

Boda_Digital: Na kama jina amelitaja yeye mwenyewe?

Katibu_Mbale: Hapo hata mimi bado natafuta maneno.

Binti_Bugolobi: Nimemwandikia shoga peke yake, bila yule kijana: siku nyingine niulize kwanza. Kijana nimempa jibu la mistari miwili kutoka anwani ya kazi, aniambie anachotaka hasa. Hajajibu mpaka sasa.

Ssalongo_Mtarajiwa: Na ile barua yangu ya ukweni?