Mjadala: Utandawazi unazifananisha tamaduni au unazichanganya, na hitimisho liandikweje?

Mwanafunzi wa Insha: Swali langu linauliza iwapo utandawazi unazifanya tamaduni zote kuwa sare. Hoja za pande zote mbili nimezitoa, lakini hitimisho langu linasema tu kwamba kila upande una ukweli wake. Nifanyeje lisionekane limekwepa swali?

Kalamu Nyekundu: Chukua migahawa ya McDonald's ya India, iliyoanza mwaka 1996. Haikuuza nyama ya ng'ombe wala ya nguruwe, bali kuku na mikate iliyojazwa viazi vyenye viungo. Wanaotetea mchanganyiko wa tamaduni huishia hapo. Ingia jikoni, ndugu yangu: kazi imegawanywa hatua ndogondogo, na kila hatua ina muda na kipimo chake, kama katika nchi nyingine. Basi andika kwamba kufanana kumekita katika mpangilio wa kazi, ilhali mchanganyiko umejitokeza katika kinacholiwa. Hapo utakuwa umepima. Kugawa nusu kwa nusu ni woga.

Asiyeyumba: Hilo neno “woga” limenikera. Mimi nilichagua upande, na mwalimu wangu akanipunguzia alama, akisema insha ya mizani haiegemei popote. Naye ni mwoga?

Kalamu Nyekundu: Huenda hukumu yako haikutokana na aya zilizotangulia. Hoja inapozaliwa ndani ya hitimisho, msahihishaji huiona mara moja.

Asiyeyumba: Insha yangu hujaisoma, kwa hiyo usiisahihishe.

Mpita Njia: Mnabishana bure. Mwanasosholojia George Ritzer, katika kitabu chake kuhusu mfumo wa McDonald's, alikwisha kuonyesha mwaka 1993 kwamba tamaduni zote zitakuwa kitu kimoja.

Kalamu Nyekundu: Ritzer alizungumzia ufanisi, vipimo vya idadi, kutabirika na udhibiti, yaani namna shughuli zinavyoendeshwa. Chakula kinaweza kubadilika kabisa na hoja yake ikabaki imesimama. Ukimtumia kuthibitisha kwamba watu wote watafikiri na kuamini sawa, unambebesha mzigo usio wake.

Mwanafunzi wa Insha: Nimejaribu hivi: “Utandawazi umesambaza namna moja ya kuendesha biashara kuliko ulivyosambaza ladha moja, kwa hiyo dai la usare lina nguvu pale tunapotazama uendeshaji, na hudhoofika tunapotazama matumizi ya watu.”

Kalamu Nyekundu: Hiyo ni hukumu yenye mpaka. Ongeza sentensi moja ya kueleza kwa nini uendeshaji ni mgumu kubadilika: kampuni hupata faida kwa kurudia utaratibu uleule kila mahali, lakini haiwezi kumlazimisha mteja ale asichokitaka.

Asiyeyumba: Ni nani aliyekubali kwamba utaratibu wa jikoni ni utamaduni? Mimi nauita biashara. Mkiuondoa, upande wa usare unabaki mtupu katika mfano wenu.

Mwanafunzi wa Insha: Utangulizi wangu haukusema utamaduni unahusu nini. Nikiuhesabu utaratibu wa kazi, hitimisho linasimama; nisipouhesabu, linaanguka.

Asiyeyumba: Na mimi nasema usiuhesabu.

Kalamu Nyekundu: Saa nyingi za mfanyakazi hupita ndani ya utaratibu huo, nawe unauondoa kwa neno moja. Leta sababu.