Bodi ya Jira ina safu tisa, sisi tuko watano. Nifute zipi?

Fundi_Bodi: Wakuu, salaam. Timu yetu ina wasanidi watatu, mjaribu mmoja, na mimi msimamizi. Safu ni To Do, Ready, In Progress, Blocked, Code Review, Ready for QA, In QA, Staging, Done. Kila asubuhi tunaulizana kadi fulani iko wapi. Nipunguze vipi?

Kinyozi88: Mkuu, weka tatu tu: To Do, In Progress, Done. Hayo mengine mbwembwe.

Mama_Seva: Tatu ni chache kwao. Kadi inayosubiri kukaguliwa itajificha ndani ya In Progress, na mwenye kuikagua hataiona. Fundi, kwa kila safu jiulize: kadi ikiwa hapa, nani anatakiwa kuisogeza? Jibu likifanana na la safu jirani, moja ni ya ziada. Ready ifute, panga To Do kwa kipaumbele, ya juu ndiyo iko tayari.

Blocked ndiyo mbaya kuliko zote. Kadi imekwama ikiwa kwa mjaribu, mnaihamishia Blocked, kesho imekwamuka: inarudi wapi? Tumia "Add flag", kadi inabaki palepale ikiwa na alama.

Ready for QA na In QA ziache kama hali mbili ndani ya safu moja, mradi wenu ukiwa "company-managed". Ukivuta kadi Jira itakuonyesha sehemu mbili za kuidondosha, na bado mtajua ilisubiri muda gani.

Juma_wa_Trello: Sisi mteja lazima aone kazi kwenye seva ya majaribio kabla ya kupokea. Kwa hiyo Staging mimi siifuti ng'o!

Mama_Seva: Wewe una haki, kwako anayeishika kadi ni mteja. Fundi, kwenu kuna mtu anayeidhinisha hapo?

Fundi_Bodi: Hakuna, tunapeleka wenyewe. Basi nimebaki na To Do, In Progress, Code Review, QA, Done. Vipi njia za kuhama? Zilizopo ni nyingi hata sizielewi.

Mama_Seva: Ruhusu hali yoyote kwenda yoyote, isipokuwa Done, hiyo ifikiwe kutoka In QA tu. Kwenye njia hiyo weka "post function" ya kujaza Resolution, la sivyo kadi itakaa Done huku ripoti ikiihesabu Unresolved. Jaribio likifeli, kadi irudi In Progress. Usiunde Reopened.

Kinyozi88: Na kurekebisha neno kwenye ukurasa nako kupite kwa mjaribu? Huyo dada atazama.

Fundi_Bodi: Kweli, kadi zinamlundikia.

Mama_Seva: Weka kikomo cha kadi tatu kwenye QA. Jira haitawazuia, itabadilisha rangi ya safu tu. Ikibadilika, msanidi aache kuanza kazi mpya, amsaidie kujaribu.

Kinyozi88: Wasanidi kujaribu kazi zao wenyewe? Hapo sikubali.

Mama_Seva: Za wenzao, mkuu. Ila hilo la marekebisho madogo bado sijapata njia isiyo na mwanya.